Picha ya meza ya kinyozi: nisaidieni majina ya vifaa kabla sijaandika mkataba

Kijana_wa_Walukuba
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Kuna jamaa hapa Jinja anauza vitu vyake vya saluni vyote maana anaenda Arabuni, bei tumefika milioni moja na laki mbili. Mimi si kinyozi, atakayenyoa ni mpwa wangu na yeye bado yuko shule mpaka mwisho wa mwezi. Kesho kutwa tunaandika mkataba kwa mwenyekiti wa LC1 na nataka kila kitu kiandikwe kwa jina lake, nisije nikaandika "mashine 3" halafu siku ya kuchukua napewa mashine 3 nyingine kabisa.

Nimeweka namba kwa peni nyekundu kwenye picha. Namba 1 mashine kubwa nyeusi ina waya. 2 mashine ndogo ya rangi ya fedha, mdomo wake mpana kama herufi T. 3 kitu bapa chenye wavu wa dhahabu juu. 4 mkasi. 5 mkasi wenye meno. 6 chanuo la meno ya chuma, mpini kama ngumi. 7 kisanduku cheupe chenye taa ya bluu. 8 glasi imejaa vitu vya plastiki kama vichana vifupi. Haya, tiririkeni.

Mama_Salama
1 mashine, 2 mashine ndogo, 3 mashine, 4 mkasi, 5 mkasi mbovu, 6 chanuo, 7 friji ya soda, 8 takataka. Bei kubwa sana hiyo 😂

Afande_Mstaafu
Namba 5 si mbovu. Ni mkasi wa fundi cherehani, ule unaokata kitambaa zigizagi kisichanike nyuzi. Mke wangu anao, hapa Bombo tunautumia. Huyo jamaa anakuuzia vitu vya mkewe, angalia vizuri kijana.

Fundi_Wandegeya
Afande samahani lakini hapana. Mkasi wa cherehani wa zigizagi una meno pande zote mbili, meno mafupi ya pembe tatu, na chuma chake kinene kizito. Sasa angalia hiyo 5 kwa makini, upande mmoja una meno marefu membamba kama kitana, upande wa pili ni ubapa mtupu wa kawaida. Tena kwenye tundu la kidole kuna kindoano kidogo kimetokeza, hapo ndipo kidole cha mwisho kinapumzika. Fundi cherehani hana haja na hicho kindoano. Huo ni mkasi wa kupunguzia nywele. Ukiufunga kwenye nywele zinakatika zile zinazoangukia kwenye ncha za meno, zile zinazoingia kwenye nafasi zinabaki, kwa hiyo nywele zinapungua wingi bila kuonyesha mstari wa mkasi.

Namba 4 ndiyo mkasi wa kukatia. Hizo mbili ziandike tofauti.

Nyabo_Saluni
Naongezea kwa Fundi hapo juu. Kwetu saluni ya kina mama huo wa meno ndio tunautumia kwa weaving na wigi, yaani ukishashona unatoa ule wingi wa uongo mbele hapa usoni ili ionekane kama nywele za mtu. Kwa kichwa cha mwanaume mwenye nywele fupi za kwetu hauna kazi. Ndio maana najiuliza huyo muuzaji alikuwa ananyoa nani, Wahindi wa Main Street??

Fundi_Wandegeya
Nyabo, nusu nakubali. Fupi sana haufanyi kitu, ni kweli. Ila mtu mwenye afro kubwa, au ndevu ndefu za masheikh wetu, unapita pita kidogo na zinalainika umbo. Na ndiyo, Wahindi na Waeritrea wananyolewa sana kwa huo. Sasa sijui wa Jinja.

Mzee_wa_Kahawa
Waeritrea wako Kampala huko Kabalagala, Jinja wamefuata nini

Kijana_wa_Walukuba
Jamani turudi kwenye mashine. 1, 2 na 3 nitaziandikaje? Huyo jamaa mwenyewe zote anaziita "mashine".

Baraka_Nakivale
Mimi nimenyoa watu hapa kambini miaka mingi. 1 na 2 ni kitu kimoja, tofauti ni ukubwa tu. Ile ndogo ni ya watoto.

Fundi_Wandegeya
Baraka ndugu yangu, ya watoto hapana. Najua wengi wanaitumia kwa watoto sababu ni nyepesi na haipigi kelele, lakini haikutengenezwa kwa hiyo.

Kijana, sikia namna ya kuzitofautisha kwenye picha bila kuzishika. Kwenye namba 1 angalia ubavuni, kuna kimkono kidogo cha chuma karibu na kidole gumba kingekaa. Hiyo ni leva. Ukiipandisha juu, bledi inayotembea inasogea mbele karibu na ncha ya bledi ya chini na mashine inakata fupi kabisa, ukiishusha inarudi nyuma na inaacha nywele kidogo, hapo ndipo tunapochanganya fedi, ule mkato unaoanza mfupi chini na kurefuka taratibu kwenda juu. Mashine yenye leva na mwili mzito ndiyo kliipa, kazi yake kutoa nywele nyingi kichwa kizima. Na vile vya namba 8 ambavyo Mama Salama ameviita takataka ndiyo kofia zake, vinavaa mbele ya bledi.

Namba 2 haina leva. Bledi yake imetokeza kushoto na kulia kuliko mwili wa mashine, ndiyo hiyo T yako. Imetokeza hivyo makusudi ili uone pembe ya bledi inagusa wapi unapopiga laini ya paji, masikio na ndevu. Hiyo ni trima. Ukijaribu kushusha afro nzima kwa trima inakwama, inavuta nywele, inapata moto na mteja anaanza kukunja shingo.

Baraka_Nakivale
Sawa boss, lakini mimi nimeshusha afro kwa hiyo ndogo na watu wakatoka vizuri. Sema inachukua muda.

Nyabo_Saluni
Na umeme wa sola unakwisha katikati, mtu anatoka na nusu kichwa 😂😂

Baraka_Nakivale
Ilitokea nyabo. Alirudi kesho yake na kofia.

Msoma_Kimya
Mimi nina swali la namba 3. Shangazi yangu ana kitu kama hicho hicho anasugulia visigino. Mnaweza kuwa mnamuuzia kijana mashine ya miguu.

Mama_Salama
Nilijua tu hiyo saluni ina mambo!

Fundi_Wandegeya
Ile ya visigino ina rola ya jiwe inayozunguka, ukiipapasa ni kama msasa. Hii ya kwenye picha ina mistari miwili ya wavu mwembamba sana wa chuma wenye matundu madogo madogo, na visu vinakimbia chini ya huo wavu. Ni sheva. Inakuja mwisho kabisa baada ya trima, mteja anayetaka kipara kinachong'aa au shingo laini bila wembe. Nywele ndefu haikati kabisa, haziingii kwenye matundu.

Hii ndiyo ya kuangalia kabla hujalipa. Ishike wavu uelekee dirishani, utazame mwanga. Ukiona tundu moja kubwa kuliko mengine au mpasuko kama wa unywele, usiuguse usoni mwa mtu, utakwaruza ngozi kama paka. Mashine nzima haijafa, wavu unauzwa peke yake, lakini upate wa aina ile ile, na wakati mwingine unazunguka Kampala nzima huupati.

Stima_Busia
Mimi si kinyozi ni fundi umeme, ila kuna kitu mmekipita. Kuzeni picha pale nyuma ya chupa ya maji. Waya wa namba 1 unaishia kwenye plagi ya vijiti viwili bapa, imechomekwa kwenye adapta nyeupe ndipo ikaingia ukutani. Plagi zetu hapa ni za vijiti vitatu vya mraba. Hiyo ya vijiti bapa viwili ni ya Marekani. Kama mashine imetoka huko chini yake patakuwa pameandikwa 120V 60Hz, na ukutani kwetu ni 240.

Baraka_Nakivale
Si ndiyo maana ameweka adapta? Adapta inatatua.

Stima_Busia
Adapta ile inabadilisha vijiti tu, umeme unapita kama ulivyo. Unaotakiwa ni transfoma ya kushusha, kile kidude kizito kama tofali. Zile za chaji hazina shida, maana chaja nyingi siku hizi zimeandikwa 100-240V. Shida ni hizi kubwa za waya ambazo ndani kuna koili na sumaku. Koili ya 120 ukiipa 240 inanguruma ghafla kama boda isiyo na egzosti, inapata moto, unasikia harufu ya vanishi inaungua, kwisha habari.

Tena hata ukiweka transfoma, ile 60Hz kwetu ni 50. Mashine za koili zinatetemeka kufuata umeme, kule bledi inapiga kama mara 7,200 kwa dakika, hapa inapiga 6,000. Itanyoa, lakini utaisikia ni nzito kidogo.

Afande_Mstaafu
Basi namba 7 ndiyo hiyo transfoma. Kisanduku kizito, kina taa. Nimemaliza.

Stima_Busia
Afande transfoma yenye mlango wa kioo? 😂

Fundi_Wandegeya
Stima yuko sawa kwa umeme lakini nami nina mawazo tofauti kuhusu hiyo plagi. Waya wa kliipa unakatikaga pale unapoingia kwenye mashine, kwa sababu kinyozi anauzungusha siku nzima. Mafundi wetu wanaukata na kuunga waya wowote ulioko, wa redio, wa pasi, wowote. Nimeona mashine ya 240 halali kabisa ina plagi ya Marekani kwa sababu tu fundi alikuwa na huo waya mezani. Kwa hiyo plagi peke yake haisemi kitu. Soma maandishi chini ya mashine.

Stima_Busia
Inawezekana. Ila basi mtu aliyeunga waya hivyo ningependa kuona aliunga vipi kwa ndani kabla mpwa hajaishika na mkono wenye maji.

Kijana_wa_Walukuba
Asanteni. Nimempigia muuzaji, amenitumia picha ya chini ya mashine. Maandishi yamefutika yote, pamebaki herufi mbili tatu na mafuta. Anasema ameitumia miaka mitatu haina shida.

Mzee_wa_Kahawa
Kila muuzaji anasema miaka mitatu

Stima_Busia
Kama kweli ameitumia miaka mitatu moja kwa moja ukutani bila transfoma, basi ni ya 240, ya 120 isingevuka wiki. Neno ni "kama kweli".

Fundi_Wandegeya
Kijana fanya hivi. Nenda kesho asubuhi ukae kwenye kiti akunyoe yeye mwenyewe kwa hiyo namba 1. Utalipa elfu kadhaa tu. Angalia amechomeka wapi. Baada ya kichwa kizima ishike, kuwa vuguvugu ni kawaida, ikikuunguza kiganja hapana. Ikiwa inatoa sauti ya kugonga, taka-taka-taka, usikimbie kwanza. Ubavuni upande wa pili wa leva kuna skrubu moja. Mwambie aikaze taratibu kwa bisibisi mpaka ule mgongano usikike vizuri, halafu airudishe kidogo kidogo mpaka unyamaze, aishie hapo hapo. Mashine nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa kwamba zimechoka, dawa yake ilikuwa hiyo skrubu. Isiponyamaza hata baada ya hapo, ndani pamelegea au sumaku na koili vimeharibika, na hapo punguza bei au iache.

Na mafuta. Ukiona bledi ina kutu au nywele zimegandamana katikati ya bledi mbili, huyo hakuwa anatia mafuta, na meno yatakuwa yameliwa.

Peterito_wa_Mbarara
Mimi naomba nizungumze kuhusu trima maana nimeumia. Kuna kinyozi mmoja, simtaji, alinipiga laini nyuma ya shingo nikasikia kama maji ya moto, kufika nyumbani damu kwenye kola, baada ya hapo vipele vikubwa vigumu ambavyo mpaka leo viko. Mashine ilikuwa kama hiyo namba 2. Je hizo ni hatari?? Mnamshauri kijana anunue kitu kama hicho?

Fundi_Wandegeya
Pole sana Peterito. Trima zinakuja na nafasi ndogo kati ya ncha za bledi ya juu na za chini. Vinyozi wanalegeza skrubu mbili za nyuma na kuisogeza bledi ya juu mpaka ncha zinalingana, ili ikate karibu na ngozi kama wembe na laini itoke kali. Sasa mtu asiyejua anaisogeza ikapita, meno yanayotembea yanatokeza mbele ya yale yaliyosimama, na hapo hainyoi tena, inachana ngozi. Mimi naacha nafasi ya unywele mmoja, na kabla ya mteja naigusisha mkononi mwangu kwa ndani. Ikinikwaruza mimi, hairuki kwenda kwa mtu.

Kijana ukifika angalia hapo, tazama ncha za T kwa karibu ukiwa na mwanga. Za juu zisizidi za chini. Kwenye picha hii sioni, ukikuza inakuwa vipande vipande.

Nyabo_Saluni
Peterito hivyo vipele vigumu nenda hospitali usikae navyo. Na usikubali mtu apitishe trima hapo tena. Wengine ngozi zao hata mashine iwe imepangwa vizuri zinatoa vipele, nywele iliyokatwa chini sana ikianza kuota inajikunja inarudi ndani. Si kila mara ni kosa la kinyozi.

Peterito_wa_Mbarara
Huyu lilikuwa kosa lake

Baraka_Nakivale
Na namba 6 hamjaisema. Chanuo la ngumi. Baba alikuwa nalo enzi za afro, miaka ya sabini, alikuwa analichomeka nyuma ya kichwa anatembea nalo hivyo mjini.

Mzee_wa_Kahawa
Wote tulitembea nalo. Ukikaa kwenye basi unamchoma wa nyuma.

Fundi_Wandegeya
Liandike "chanuo la afro la meno ya chuma". Si la urembo tu, kabla ya kunyoa nywele ndefu bila kofia unazinyanyua kutoka kwenye shina ili zisimame sawa, ndipo mashine inaona wapi pamezidi. Angalia ncha za meno ziwe zimeviringwa, zikiwa kali zinakwaruza kichwa.

Kijana_wa_Walukuba
Na 7 sasa? Yeye anasema "sterilaiza".

Nyabo_Saluni
Mimi nasema ni ya kupashia taulo. Ninayo inafanana kabisa, mlango wa kioo, taa ya bluu, naweka taulo zilizoloweshwa zinatoka za moto za usoni.

Fundi_Wandegeya
Mimi nasema ni ya vifaa, ya taa tu. Ndani naona trei ya waya na kitana juu yake.

Nyabo_Saluni
Hata yangu ina trei ya waya. Na kitana mtu anaweka popote.

Stima_Busia
Kibandiko cha nyuma kitamaliza ubishi. Inayopasha taulo itakuwa na wati mia na zaidi, ya taa peke yake ni wati chache kama balbu. Nyingine zina vyote viwili.

Fundi_Wandegeya
Na hata ikiwa ya taa, kijana usidanganyike na rangi ya bluu. Kuna visanduku vingine balbu ni ya bluu ya kawaida tu, haiui chochote. Na hata ile ya kweli inafanya kazi pale mwanga unapogusa, upande wa chini wa mkasi unabaki ulivyo, na bledi yenye nywele na mafuta mwanga haupenyi. Kwanza brashi, kisha spirit, subiri ikauke, tia mafuta, ndipo uweke humo ukitaka. Mashilingi, yale mapunye ya watoto kichwani, yanahama kwa bledi na kwa hizo kofia za namba 8, ambazo hakuna anayezikumbuka kuosha.

Mama_Salama
Hapo Fundi umenena, mwanangu aliyapata saluni.

Kijana_wa_Walukuba
Nimempigia tena aangalie kibandiko, hapokei. Kofia za namba 8 niandike ngapi? Kwenye glasi naona kama 6.

Fundi_Wandegeya
Usiandike idadi tupu, andika namba zilizochapwa mgongoni. Namba 1 inaacha nywele milimita 3, namba 2 milimita 6, na kuendelea hivyo. Kubwa kubwa zinabaki zimejaa sababu hakuna anayezitumia. Zinazopotea ni nusu na moja na nusu, na bila hizo mpwa wako atapata tabu na fedi. Zivalishe kwenye mashine moja moja usikie zinakaza, maana za mashine nyingine zinaingia lakini zinacheza, inateleza katikati ya kichwa na umeacha shimo.

Kwenye mkataba ningeandika: kliipa moja nyeusi ya waya yenye leva, trima moja ya rangi ya fedha yenye bledi ya T pamoja na chaja yake, sheva moja ya wavu miwili pamoja na chaja yake. Hizo chaja usizisahau, kwenye picha hazipo.

Afande_Mstaafu
Na kiti je? Nasoma tangu juu hakuna aliyeuliza kiti na kioo.

Kijana_wa_Walukuba
Alisema kiti kimo ndani ya hiyo bei.

Mzee_wa_Kahawa
Saluni nyingi za Jinja kiti na kioo ni vya mwenye nyumba

Mama_Salama
Mzee acha kumtisha, mpwa wangu alinunua na kiti na hakuna aliyemdai.

Afande_Mstaafu
Mwite mwenye nyumba naye aje kwa mwenyekiti, atie sahihi pale kwenye mstari wa kiti. Akikataa utajua.

Kijana_wa_Walukuba
Sawa mzee. Kesho saa tatu niko kwenye hicho kiti nanyolewa, nitaleta picha ya kibandiko.